"NI MCHEZO TU, SHEIKH": SIMU MOJA, UKUMBI MZIMA, NA ULIMI USIOJUA MCHEZO



Ndugu zangu katika imani, tangu Idi iliyopita nimekuwa nikipokea swali moja kwa sura nyingi. Familia imekaa pamoja, chakula kimeliwa, watoto wamelala, watu wazima wanane au kumi wamebaki ukumbini. Mmoja anatoa simu, anafungua mchezo, na simu ile moja inazunguka mkono kwa mkono mpaka saa sita za usiku. Je, inafaa?

Nimeona majibu mawili yakisambazwa, na leo nataka kuyapinga yote mawili.

La kwanza ni la ndugu zetu wanaosema: "Michezo yote ya simu ni haramu, funga mjadala." Hawa ukiwauliza ni mchezo gani wameuona, wanakuambia hawajauona hata mmoja. Kutoa hukumu ya kitu usichokijua si uchamungu, ni uvivu. Asili ya mambo ya kawaida ya watu ni kuwa yanafaa mpaka uje ushahidi wa kuyakataza, na kaida hii tumeisoma sote chuoni.

La pili ni la vijana wetu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu lina maneno matatu tu: "Ni mchezo tu." Ukitaja kamera, ni mchezo tu. Ukitaja kiapo, ni mchezo tu. Ukitaja talaka, subhanallah, nayo ni mchezo tu! Kana kwamba ukishafungua programu kwenye simu, Malaika wanaweka kalamu chini.

Basi tukae tuitazame michezo yenyewe. Nimechagua mitatu, ile inayochezwa zaidi kwa simu moja. Wa kwanza nitauhalalisha na kuufungia mlango mmoja. Wa pili nitaurekebisha kwa sharti moja. Wa tatu nitawaambieni muuache. (Ludo ina mjadala wake wa dadu, tutauzungumza siku nyingine inshaallah.)

*1. SIMU KWENYE PAJI LA USO*

Wengi mnaujua mchezo huu. Uliovuma zaidi duniani unaitwa Heads Up!, uliotoka mwaka 2013, na sasa kuna wenzake wengi. Mmoja anaweka simu kwenye paji la uso, kioo kikiwaelekea wenzake. Kwenye kioo linatokea neno, tuseme "samaki wa kupaka". Yeye haoni. Wenzake wanamweleza bila kulitaja: kinaliwa na wali, kina nazi, kimechomwa kwanza. Akipatia, anaiinamisha simu kuelekea chini, inahesabu pointi na kuleta neno jingine. Akishindwa anaiinua kuelekea juu, neno linaruka. Dakika moja ikiisha, simu inampa hesabu yake.

Mchezo huu kwa asili yake una ubaya gani? Hauna. Hakuna fedha iliyowekwa, hakuna uongo, hakuna anayetukanwa. Kwa hakika ni mtoto wa kitendawili, na bibi zetu walitulea kwa vitendawili. Ukiona katika nyumba yako hauendi vizuri, mara nyingi sababu ni maneno: mafungu mengi yaliyomo yametungwa kwa ajili ya Wamarekani, yamejaa wacheza filamu ambao shangazi yako hajawahi kuwasikia, na shangazi anabaki kucheka kwa adabu. Baadhi ya programu zinakuruhusu kuandika fungu lako mwenyewe. Andika maneno hamsini ya nyumbani kwenu, vyakula, mitaa, methali, zana za jikoni, na utaona nani bingwa. Mkishindwa hilo, vikaratasi kwenye bakuli vinatosha.

Sasa mlango wa kufunga. Sikilizeni vizuri, hasa nyinyi mama zangu na dada zangu.

Simu ikiwa kwenye paji la uso, kioo kinawatazama wenzako. Na juu ya kioo kuna nini? Kamera ya mbele. Michezo kadhaa ya aina hii hutumia kamera ile kurekodi watu wakati wa dakika ile moja, ili baadaye mtazame mlivyokuwa mkirukaruka na mcheke. Haimrekodi aliyeshika simu. Inawarekodi wanaomweleza. Mara ya kwanza programu iliomba ruhusa ya kamera, mtu akabonyeza kukubali bila kusoma, kama tunavyofanya sote, na tangu hapo inafanya kazi yake.

Nitawaeleza lililotokea katika ukoo wetu, kwa idhini ya wenyewe, na programu yenyewe siitaji.

Siku ya Idi wanawake walikaa chumba cha ndani peke yao. Milango imefungwa, mitandio imetoka, nywele zimesukwa upya, kila mmoja amevaa anavyopenda mbele ya wanawake wenzake. Wakacheza mchezo huu kwa simu ya mke wa kaka yangu. Walicheza kwa furaha, na hakuna kosa walilolifanya.

Siku ya pili yake mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka ishirini na kitu, ananijia msikitini baada ya Alasiri, uso ameuinamisha.

"Ami, nimeona kitu kwenye simu yangu na sijui nifanye nini."

"Kitu gani, mwanangu?"

"Video za kina mama jana. Zimekuja zenyewe, Ami. Wallahi sikuzitafuta. Nilipoona ya kwanza nikafunga."

Zilikujaje zenyewe? Simu ile ya mama yake, yeye kijana ndiye aliyeiwasha siku ilipotoka dukani. Mama hakuwa na akaunti, kijana akaingiza akaunti yake ya Google, jambo linalofanyika katika nyumba zetu kila siku. Mchezo ukarekodi, video zikahifadhiwa kwenye matunzio ya picha, na simu ilikuwa imewekwa kunakili picha zote kwenye akaunti. Akaunti ni ya kijana. Kwa hiyo wake za ami zake, na wageni wengine wasio mahram zake, wote wakamfikia mfukoni.

Kijana wetu alimcha Mola wake. Angekuwa mwingine? Na hebu fikirini, je, akaunti zilizo kwenye simu za mama zenu ni za nani? Nyingine ni za vijana waliowauzia simu dukani!

Aliyeniambia "ni mchezo tu" nilimuuliza: je, ungekubali mtu asimame dirishani na kamera, kisha aseme alikuwa anacheza?

Sasa tiba, na ni nyepesi. Simu inajua kuwa umeinamisha kwa sababu ina kihisi ndani yake kinachotambua mwelekeo wake. Kihisi hicho hakihusiani na kamera. Kwa hiyo mchezo huchezeka bila kamera kabisa. Kwa simu za Android nenda Mipangilio, kisha Programu, chagua mchezo wenyewe, kisha Ruhusa, Kamera, na hapo bonyeza Usiruhusu. Fanya hivyo pia kwa kipaza sauti. Baada ya hapo cheza raundi moja ukiwa peke yako sebuleni, kisha uangalie matunzio. Ukiona video, hujafunga. Programu ikikataa kufunguka bila kamera, basi imekuonyesha inachokitaka kwako, ifute.

Na kwa ambao tayari wamerekodiwa: kufuta video kwenye simu peke yake hakutoshi. Picha iliyonakiliwa kwenye akaunti ya Google ukiifuta inakwenda kwenye Taka na kukaa huko hadi siku 60, na mwenye akaunti anaweza kuirudisha. Ingia kwenye Taka, uondoe kabisa. Kisha mfungulie mama akaunti yake mwenyewe.

Mlango huo ukifungwa, chezeni na Allah awape furaha.

*2. MCHEZO WA JASUSI, NA NENO "WALLAHI"*

Wa pili ni ule ambao wote wanalijua neno isipokuwa mmoja. Vijana wana majina mengi ya kuuita, mimi nauita wa jasusi. Una ukoo mrefu. Babu yake ni mchezo wa Mafia, uliobuniwa na mwanafunzi wa saikolojia huko Moscow miaka ya 1980. Baadaye mwaka 2014 ukatoka wa kadi unaoitwa Spyfall. Sasa umehamia kwenye simu.

Unachezwa hivi. Mnaandika idadi yenu, mnachagua fungu, tuseme vyakula. Simu inapitishwa. Kila mmoja anabonyeza, anaona neno peke yake, analificha na kumpa wa pembeni. Mmoja wenu haoni neno, anaona maandishi kuwa yeye ndiye jasusi. Kisha kila mtu anasema neno moja la kudokeza. Asidokeze wazi mno, jasusi atalijua neno. Asidokeze kwa mbali mno, atadhaniwa yeye ndiye jasusi. Mwisho mnajadiliana na kunyooshea kidole.

Chukueni raundi moja. Neno ni "pilau", watu ni sita. Wa kwanza anasema "sherehe". Wa pili "bizari". Wa tatu ni jasusi, hajui kitu, lakini amesikia sherehe na bizari, basi anasema "harufu". Wa nne "kachumbari". Wa tano "sufuria". Wa sita "Ijumaa". Sasa nani jasusi? Aliyesema sufuria anaonekana mbaya kuliko jasusi mwenyewe, maana sufuria inapika kila kitu! Wakimnyooshea yeye, jasusi ameshinda. Na katika michezo mingi, hata jasusi akikamatwa anapewa nafasi moja ya kulibashiri neno. Na huyu, baada ya kusikia kachumbari, atakosaje?

Nakiri ni mchezo wa akili. Kwa watu watano mpaka wanane unapendeza. Wakiwa watatu hauna siri, wakizidi kumi madokezo ya mwanzo yanasahaulika. Na jasusi akipangiwa kuanza, masikini, amekwisha, kwa hiyo wanaoujua humpa mwingine aanze.

Kuna wanaosema: mchezo huu ni wa uongo, na Mtume (s.a.w.) amemwonya vikali mtu anayesema uongo ili watu wacheke. Onyo hilo ni sahihi, limepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, na mimi silipunguzi hata kidogo. Lakini tazameni raundi ile tena. Jasusi alisema nini? "Harufu." Je, ni uongo? Pilau lina harufu. Alificha hali yake, na kuficha si kusema uongo. Mtu anayeficha kadi yake katika mchezo ambao wote wamekubaliana kufichana hajamdanganya mtu. Mpaka hapo hatujafika kwenye kosa.

Kosa linaingia kwenye mjadala. Hapo ndipo nilipokaa mimi mwenyewe nikashuhudia, katika nyumba ya watu wazuri, watu wa swala tano. Wamemnyooshea kidole kijana mmoja, akasimama:

"Si mimi! Wallahi vile, naapa kwa Allah si mimi!"

Wakamwamini. Simu ikafunuliwa. Alikuwa yeye. Ukumbi ukaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni yule aliyeapa.

Mimi sikucheka. Nikamwita pembeni: "Mwanangu, umeapa kwa nani?"

"Ah, Sheikh, ni mchezo tu. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua nini? Kama kila mtu alijua kiapo chako hakina maana, uliapa kwa nini? Uliapa kwa sababu ulijua watakuamini. Ulilichukua Jina tukufu ukalifanya chombo cha kushindia pointi moja kwenye simu. Na wala usiniambie ni kiapo cha upuuzi kisichohesabiwa. Kiapo cha upuuzi ni kile kinachoteleza ulimini bila kukusudiwa, mtu anasema "la wallahi, karibu ule". Wewe ulikikusudia, na ulijua ni uongo wakati unakitamka. Hicho wanazuoni wanakiita yamini ghamus, na kimehesabiwa katika madhambi makubwa. Toba ni lazima, na kwa madhehebu yetu ya Shafii kafara nayo ni lazima: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Masikini kumi kwa raundi moja! Na usiku ule niliwahesabu watu watatu walioapa.

Sasa niwaambie jambo ambalo hata asiye na hofu ya Mungu anaweza kulielewa. Kiapo kinauharibu mchezo wenyewe. Tazama: ukumbini kuna mtu ambaye wote mnajua haapi uongo hata kidogo. Siku akiapa "si mimi", raundi imekwisha, hakuna tena cha kujadili. Na siku akiwa jasusi akakataa kuapa, raundi imekwisha vilevile, amejulikana. Kwa mtu mkweli mchezo wenye kiapo hauchezeki. Unachezeka kwa nani? Kwa mtu ambaye kiapo chake hakina thamani. Basi kila mnapocheza kwa viapo, mnamfundisha mkweli kuwa kama wengine, au mnamwondoa ukumbini. Na kesho mtu yule yule atakuapia kuwa deni lako amelipa. Utamwamini kwa lipi?

Kwa hiyo sharti langu ni moja, mlitangaze kabla simu haijazunguka: *anayeapa ametoka.* Hata kama anaapa kweli. Na ili msimsukume mtu kwenye uongo wa wazi, msiulizane "Je, wewe ndiye jasusi?" Swali hilo halina faida, maana jibu la wote ni lile lile. Ulizeni juu ya dokezo: "Kwa nini umesema sufuria?" Hapo jasusi atalazimika kufikiri, na wewe utalazimika kusikiliza. Kisha nyoosheni vidole kwa pamoja. Nimeuona ukichezwa hivi, na wallahi, hiki ni kiapo cha kweli, ulikuwa mzuri zaidi.

*3. "UKWELI AU KITENDO"*

Sasa wa tatu, na hapa sina marekebisho.

Simu inazungusha mshale au inachagua jina. Aliyechaguliwa anaulizwa: ukweli au kitendo? Akichagua ukweli, simu inamuuliza swali la ndani ya maisha yake, na ajibu mbele ya wote. Akichagua kitendo, simu inamwamuru jambo la kufanya. Zamani tulicheza kwa chupa, lakini tofauti ni kubwa. Aliyekuuliza zamani alikuwa binamu yako, anajua baba yako amekaa pale, anajua mkeo ni mjamzito, anajua la kuuliza na la kuacha. Simu haijui lolote kati ya hayo. Maswali yametungwa na mtu asiyekujua, na kwenye programu nyingi yamepangwa kwa mafungu, kuanzia lile jepesi mpaka lile la "watu wazima tu", na kila raundi ikipoa mtu mmoja husema: tupandishe.

Tazameni umbile la mchezo huu, maana ubaya hauko katika swali moja baya ambalo ungeweza kulifuta. Mtu akiona haya kujibu, anapewa adhabu ya kitendo. Akiona haya kukitenda, anapewa adhabu nyingine, au anazomewa. Kwa maneno mengine, mchezo mzima umejengwa ili haya iadhibiwe. Na haya ni tawi la imani! Michezo miwili ya kwanza ukiiondolea kamera na kiapo bado inabaki michezo. Huu ukiuondolea kumfedhehesha mtu, unabaki na nini? Hakuna kitu.

Swali la ukweli linamtaka mume na mke waseme ya chumbani kwao, na Mtume (s.a.w.) amemhesabu anayetoa siri hiyo miongoni mwa watu waovu mno siku ya Kiyama. Au linauliza: "Nani hapa humpendi?" Wamekaa ndugu kumi na mawifi. Utamtaja nani, na utarudije naye nyumbani kwenye gari moja?

Lakini lililonifanya niandike makala hii ni kitendo. Nilipigiwa simu usiku na kijana, sauti inatetemeka.

"Sheikh, samahani kwa usiku huu. Nimemwacha mke wangu."

"Inna lillahi. Mmegombana?"

"Hapana, Sheikh. Tulikuwa tunacheza."

Walikuwa wanaume saba, wamekusanyika kwa rafiki yao anayeoa kesho yake. Simu ikamwangukia, akachagua kitendo. Simu ikamwamuru ampigie mwenza wake kwa sauti ya wazi, amwambie kuwa mapenzi yao yamekwisha. Mtunzi wa swali lile alifikiria vijana na wachumba wao. Kwake yeye mzaha ule unaisha kwa kicheko. Kijana wetu akapiga. Mkewe akapokea, kwa nyuma mtoto analia. Wenzake wakamnong'oneza: "Sema umemwacha, sema!" Akasema: "Fulani, nimekuacha." Kwa Kiswahili safi, kwa jina lake.

Wakacheka. Akasema, "Nilikuwa nacheza, mke wangu." Lakini mke, ambaye alisoma chuoni kuliko yeye, alikuwa halii wala hacheki. Akasema tu: "Muulize Sheikh."

Ndugu zangu, hadithi ya mambo matatu ambayo mzaha wake ni kweli kama ukweli wake, ndoa, talaka na rejea, mmesikia mara ngapi? Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah, na kwa msingi huo jumuhuri ya wanazuoni, wakiwemo Mashafii, wamesema: mtu mwenye akili timamu, asiyelazimishwa, akitamka neno la wazi la talaka kwa hiari yake, imepita, hata akiwa anacheka. Na wenzake kumnong'oneza si kulazimishwa; kulazimishwa ni kutishiwa madhara ya kweli.

Nilimuuliza maswali matatu. Umetamka au umeandika? Nilimuuliza hivyo kwa sababu kwa Mashafii maandishi ya talaka bila kutamka ni kinaya, hayapiti bila nia. Angekuwa ametuma ujumbe tu kwa mzaha, bila kukusudia, mlango ungekuwepo. Akasema: nimetamka. Umetamka mara ngapi? Mara moja. Umewahi kumwacha kabla ya hapo? Hapana.

Nikamwambia: basi imepita moja, na bado ana eda. Mtamkie rejea kwa ulimi, "nimekurejea katika ndoa yangu", na uweke mashahidi. Kisha asubuhi nenda kwa kadhi ukaeleze kama ulivyonieleza, usiridhike na simu yangu. Alifanya, na wako pamoja alhamdulillah. Lakini hesabuni. Alikuwa na talaka tatu maishani mwake, sasa zimebaki mbili. Moja ameilipa kwa mshale wa simu. Na huyo mama aliyekaa na mtoto usiku ule, moyo wake nani ameurejesha? Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake hata kwa mzaha. Hapa palikuwa na kitisho cha aina gani?

Sasa njoo uniambie tena: "Ni mchezo tu, Sheikh."

*MWENYE SIMU NDIYE MWENYE DHAMANA*

Jambo la mwisho. Simu ni ya mmoja. Yule anayeitoa mfukoni na kusema "jamani njooni tucheze" ndiye aliyewaita watu, na ndiye ajibuye kwanza. Kabla hujaiweka katikati ya ukumbi, uwe umeshaucheza peke yako. Uyasome maneno yaliyomo. Ufunge kamera. Na uiweke simu kwenye hali ya ndegeni, kwa sababu programu za bure hujiendesha kwa matangazo, na katikati ya raundi, simu ikiwa mkononi mwa baba yako, linaweza kujitokeza tangazo la kubeti au jambo la aibu kuliko hilo. Mchezo ambao maneno yake yamo ndani ya simu utaendelea bila mtandao. Usipoendelea, chagua mwingine. Na hali ya ndegeni ina faida nyingine: simu haitaita, na ujumbe wako wa siri hautatokea kwenye kioo wakati mama mkwe amekishika.

Kisha mjue saa ya kufunga. Kama raundi ya mwisho inakula Swala ya Alfajiri, mshindi wenu ni nani?

Ndugu zangu, sikuandika haya kuwanyang'anya furaha. Nyumba isiyocheka vijana wake huitafuta furaha barazani, na za barazani mnazijua. Cheka na watu wako. Lakini ulimi uliotumia kusema "samaki wa kupaka" ndio ule ule utakaoapa kwa Jina la Mola wako, na ndio uliomfunga mkeo kwako kwa maneno mawili mbele ya walii. Simu unaweza kuizima. Ulimi hauna kitufe.

Mama mwenye simu, leo hii kabla hujalala, muulize mwanao: "Akaunti iliyomo humu ni ya nani?"

Mfikishie na mwenzako. Wabillaahi tawfiiq, wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.